Skwoshi: Kwa nini "sikuweza kumkwepa" si jibu la kutosha kwa mwamuzi

Mchezo wa skwoshi utachezwa kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki mjini Los Angeles mwaka 2028, baada ya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki kuuidhinisha katika mkutano wake wa Mumbai mwezi Oktoba mwaka 2023. Katika bara la Afrika, Misri ndiyo yenye mabingwa wengi wa dunia, na uwanja wa kuta za kioo umewahi kusimamishwa mbele ya Mapiramidi ya Giza kwa ajili ya mashindano makubwa. Katika nchi za Afrika Mashariki mchezo huu uliingia pamoja na klabu za enzi ya ukoloni wa Kiingereza, na hadi leo huchezwa zaidi ndani ya klabu kuliko mbele ya umma.

Kwa sababu hiyo, watazamaji wengi watakaoufuatilia kwa mara ya kwanza kupitia televisheni watakutana na jambo litakalowashangaza: mchezo husimama mara kwa mara, mchezaji hunyanyua mkono, na mwamuzi hutamka neno moja ambalo wakati mwingine humpa mtu alama bila mpira kupigwa. Makala haya yanaeleza jinsi alama zinavyohesabiwa, maana ya leti na stroki, na namna mwamuzi anavyopima iwapo mchezaji aliyemzuia mwenzake angeweza kuepuka kufanya hivyo.

Wachezaji wawili katika chumba kimoja

Chanzo cha matatizo yote ni umbo la uwanja. Katika tenisi wavu huwatenganisha wachezaji. Katika skwoshi wote wawili hucheza ndani ya chumba kimoja chenye urefu wa mita 9.75 na upana wa mita 6.4, na wote wawili wanataka kusimama mahali pamoja, yaani katikati, pale ambapo mistari ya sakafuni inakutana na kufanya umbo la herufi T. Anayeishika T huufikia mpira popote utakapokwenda kwa hatua chache. Aliyesukumwa pembeni hukimbia.

Mpira sharti ufike ukuta wa mbele kabla haujagusa sakafu, juu ya bati lililo chini ya ukuta huo na chini ya mstari wa juu. Unaweza kupitia kuta za pembeni au ukuta wa nyuma. Ukisharudi kutoka ukuta wa mbele, mpinzani anaruhusiwa kuupiga kabla haujadunda au baada ya kudunda mara moja. Ukidunda mara mbili, mzunguko umekwisha na yule aliyeshindwa kuurudisha amepoteza.

Basi mchezaji akishapiga, mpira huenda mbele na kurudi, na mara nyingi hurudi karibu na pale alipo yeye mwenyewe. Mwenzake anapaswa kuufuata. Wanapishana wakikimbia kwa kasi, kila mmoja ana raketi mkononi, na nafasi ya kupitia ni ndogo. Sheria za kuzuiana ziliwekwa ili upishanaji huo uwe wa haki na usiumize mtu.

Alama zinavyohesabiwa

Hesabu ya sasa ni rahisi. Anayeshinda mzunguko hupata alama moja, awe ndiye aliyeanzisha mpira au aliyeupokea. Anayefikisha alama 11 kwanza ameshinda seti. Wakifungana 10 kwa 10, seti huendelea hadi mmoja atangulie kwa alama mbili. Mechi za kulipwa kwa kawaida huwa za seti tano, na mwenye kushinda seti tatu ndiye mshindi.

Aliyeshinda mzunguko ndiye anayeanzisha unaofuata. Akiendelea kushinda, hubadilisha upande kila mara, kulia kisha kushoto. Akishindwa, haki ya kuanzisha huhamia kwa mwenzake, ambaye huchagua upande wa kuanzia.

Hesabu ya zamani ilikuwa tofauti. Seti ilikuwa ya alama tisa, na aliyeanzisha peke yake ndiye aliyeweza kupata alama. Mpokeaji akishinda mzunguko alipata haki ya kuanzisha tu, na ubao wa alama haukubadilika. Wakifungana 8 kwa 8, mpokeaji alichagua seti iishie tisa au kumi. Kwa utaratibu huo wachezaji waliolingana nguvu waliweza kupokonyana haki ya kuanzisha kwa muda mrefu bila alama kuongezeka. Mwaka 1983, huko Chichester nchini Uingereza, Jahangir Khan wa Pakistan na Gamal Awad wa Misri walicheza mechi ya saa mbili na dakika 46. Seti ya kwanza peke yake, aliyoshinda Awad kwa 10 kwa 9, ilichukua saa moja na dakika 11. Khan ndiye aliyeshinda mechi hiyo.

Wanaume wa kulipwa waliichukua hesabu ya alama 11 mwaka 2004, na mwaka 2009 Shirikisho la Skwoshi Duniani likaifanya kuwa hesabu ya kawaida kwa wachezaji wote. Badiliko hilo lilikuwa na athari moja ambayo watazamaji hawaioni mara moja: uamuzi wa mwamuzi ukawa na uzito zaidi. Zamani, mpokeaji akipewa stroki alipata haki ya kuanzisha tu. Leo kila stroki ni alama kamili, na kila ombi linalokataliwa humpa mpinzani alama. Katika seti ya alama 11, maamuzi matatu ya aina hiyo ni zaidi ya robo ya seti.

Majibu matatu ya mwamuzi

Mchezaji ambaye ni zamu yake kupiga, akiona amezuiwa, anaweza kusimama na kusema "leti, tafadhali". Ni yeye peke yake mwenye haki ya kuomba kwa sababu ya kuzuiwa, na sharti aombe bila kukawia. Akishaomba, mchezo umesimama, na mwamuzi ana majibu matatu.

Jibu la kwanza ni leti. Mzunguko unarudiwa, hakuna anayepata alama, na aliyeanzisha anaanzisha tena kutoka upande uleule. Jibu la pili ni stroki. Aliyeomba anapewa ushindi wa mzunguko, na kwa hiyo alama. Jibu la tatu ni kukataa: hakuna leti. Hapo aliyeomba amepoteza mzunguko, kwa kuwa alisimama wakati alipaswa kucheza.

Mchezaji hahitaji kutamka kuwa anataka stroki. Ombi la leti hubeba yote mawili, na mwamuzi ndiye anayechagua. Pia mchezaji hawezi kuomba kisha akabadili nia kwa kuwa ameona mpira ulikuwa rahisi. Ndiyo maana kuomba ni kamari yenye hesabu zake: anayeomba anaweza kupata alama, anaweza kurudi palepale alipokuwa, na anaweza kupoteza.

Haki nne za anayepiga

Ili kujua kama kulikuwa na kizuizi, mwamuzi huanza na wajibu wa yule aliyekwisha kupiga. Sheria humruhusu amalizie mkono wake kwa kiasi cha kawaida. Baada ya hapo anapaswa kufanya jitihada zote ili mpira unaporudi kutoka ukuta wa mbele, mwenzake apate mambo manne: auone mpira vizuri, aufikie kwa njia ya moja kwa moja, apate nafasi ya kuzungusha raketi kwa kiasi cha kawaida, na awe huru kuupeleka mpira sehemu yoyote ya ukuta wa mbele.

Likikosekana mojawapo, kizuizi kimetokea. Lakini hapo safari ya mwamuzi ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu kizuizi chenyewe hakitoshi kumpa mtu leti, na kutokuwa na kosa hakutoshi kumwokoa aliyezuia asipoteze alama.

Watu wengi, hata waliocheza miaka mingi katika klabu, huamini kwamba tofauti ya leti na stroki ni makusudi: aliyezuia kwa bahati mbaya anastahili leti, na aliyezuia kwa kusudi anastahili kuadhibiwa kwa stroki. Sheria haisemi hivyo. Mwamuzi hachunguzi moyo wa mchezaji. Anauliza maswali kwa mpangilio, na suala la kuepukika au kutoepukika ni swali moja tu kati ya hayo.

Maswali yanavyofuatana

Swali la kwanza: je, kizuizi kilikuwepo, au kulikuwa na hofu ya haki ya kumuumiza mtu? Kama havikuwepo vyote viwili, hakuna leti. Hofu ya kuumiza imewekwa hapo ili mchezaji asilazimike kuchagua kati ya alama na uso wa mwenzake.

Swali la pili: je, anayeomba angeweza kuurudisha mpira kihalali, na alikuwa akifanya jitihada zote kuufikia? Jibu likiwa hapana kwa mojawapo, hakuna leti, hata kama mwenzake alisimama katikati ya njia kama nguzo. Mpira ambao usingefikiwa haugeuki kuwa wa kufikiwa kwa sababu kulikuwa na mtu njiani.

Swali la tatu: je, ni anayeomba mwenyewe aliyekitengeneza kizuizi, au alishakipita na kuendelea kucheza? Mtu aliyekuwa na njia nyeupe lakini akachagua kupitia alipo mwenzake hana haki ya leti. Vivyo hivyo yule aliyeguswa, akaendelea, akaufikia mpira, na kuomba baada ya kuona pigo lake litakuwa baya.

Swali la nne ndilo la kuepukika: je, mpinzani alikuwa akifanya jitihada zote kuondoka njiani? Kama hakuwa akifanya hivyo, na mpira ulikuwa wa kurudishika, jibu ni stroki. Kama alikuwa akifanya jitihada zote, kwa kawaida jibu ni leti.

Lakini hapo pia mwamuzi hajamaliza, kwa kuwa kuna swali la tano: je, pigo lililozuiwa lingekuwa la ushindi? Likiwa la ushindi, jibu ni stroki bila kujali jitihada za aliyezuia. Sababu yake inaeleweka. Leti hurudisha mzunguko mwanzoni, wakati wote wawili wana nafasi sawa. Mtu aliyekuwa na mpira wa kumaliza akirudishwa mwanzoni amenyang'anywa kitu, na aliyemnyang'anya, hata bila kukusudia, amefaidika na pigo baya alilopiga mwenyewe.

Mfano: 10 kwa 9, seti ya tano

Tuchukue wachezaji wawili, mmoja mwenye fulana nyeupe na mwingine mwenye fulana nyekundu. Wamegawana seti nne, mbili kwa mbili. Katika seti ya tano Mweupe anaongoza 10 kwa 9. Mwekundu anapiga mpira mrefu wa kunyooka akiwa upande wa kushoto, nyuma kidogo ya mstari unaogawa uwanja. Alitaka mpira ushikamane na ukuta wa kushoto hadi kona ya nyuma. Mweupe yuko karibu na T, na sasa ni zamu yake. Anageuka kuufuata mpira, anakutana na Mwekundu, anasimama na kusema "leti, tafadhali".

Hapa majibu matatu ya mwamuzi yana matokeo matatu tofauti kabisa. Stroki: Mweupe ameshinda mechi kwa 11 kwa 9. Leti: mzunguko unarudiwa kwa 10 kwa 9. Hakuna leti: Mwekundu amepata alama, ni 10 kwa 10, na sasa atakayeshinda lazima atangulie kwa mbili. Jibu linategemea mambo madogo yaliyotokea ndani ya sekunde moja.

Tuseme pigo la Mwekundu lilikuwa zuri. Mpira uliteleza ukutani, ukadunda kwa mara ya kwanza karibu na kona na kufa pale. Mweupe alikuwa bado hatua mbili mbali. Mwekundu alikuwa njiani kweli, lakini hata uwanja ungekuwa mtupu Mweupe asingeufikia. Hakuna leti, 10 kwa 10.

Tuseme sasa mpira uliachana na ukuta kwa urefu wa mkono na kudunda mapema. Mweupe angeufikia bila shida. Mwekundu, baada ya kumalizia mkono wake, aliondoka papo hapo, akizunguka kwa mbele kuelekea T ili amwachie mwenzake njia. Hata hivyo bega lake liligusana na la Mweupe. Pigo ambalo Mweupe angelipiga lingekuwa la kawaida, la kuendeleza mchezo. Kizuizi kipo, mpira ulirudishika, jitihada zilikuwepo, na ushindi haukuwa wazi. Ni leti.

Mpira uwe uleule, lakini Mwekundu alipomaliza kupiga alisimama na kuutazama, kisha akaondoka alipoona Mweupe anakuja. Huenda hakuwa na nia mbaya. Huenda alichoka. Lakini hatua yake ya kwanza ilichelewa, na jitihada zote maana yake ni kuanza kuondoka mara mkono unapomalizika. Ni stroki, na mechi imekwisha.

Sasa hali iliyo ngumu zaidi kukubalika. Mwekundu anapiga vibaya, mpira unarudi juu na kudunda katikati ya uwanja. Akijaribu kuondoka anateleza na kuanguka, na amelala kati ya Mweupe na mpira. Hakuna binadamu ambaye angefanya zaidi. Lakini uwanja mzima wa mbele uko wazi, na Mweupe angeugusa mpira tu ukadondoka karibu na bati huku mwenzake akiwa sakafuni. Ni stroki. Kuanguka hakukuepukika, na bado Mwekundu amepoteza, kwa sababu kilichompoteza ni pigo lililotangulia anguko.

Raketi iliyozuiwa na ukuta wa mbele

Kuna mahali pengine pawili ambapo jitihada hazimwokoi aliyezuia. La kwanza ni mzungusho wa raketi. Sheria inatofautisha kati ya mzungusho ulioguswa na mzungusho uliozuiwa. Ikiwa raketi ya Mweupe ilimgusa Mwekundu kidogo wakati Mwekundu akijitahidi kuondoka, ni leti. Ikiwa iligonga mwili wake na kushindwa kabisa kuuendea mpira, ni stroki, hata kama Mwekundu alikuwa akikimbia kuondoka. Hata hivyo, mzungusho wenyewe uwe wa kawaida. Anayepeleka raketi mbali kupita kiasi ili amfikie mwenzake anapoteza haki yake.

La pili ni ukuta wa mbele. Tuseme Mwekundu aliondoka kwenye njia ya Mweupe, lakini kwa kwenda mbele moja kwa moja, sasa amesimama kati ya Mweupe na ukuta wa mbele. Mweupe anajizuia kupiga asije akampiga mgongoni. Ikiwa mpira ungempiga Mwekundu ukiwa njiani kuelekea ukuta wa mbele moja kwa moja, ni stroki. Ikiwa ungempiga ukielekea kwanza ukuta wa pembeni, au ukiwa umekwisha kuugusa, ni leti, isipokuwa pigo hilo lingekuwa la ushindi.

Kanuni hii ina masharti yake. Mchezaji aliyeuacha mpira umzunguke, ukipita kushoto kwake na yeye kugeuka kuupiga upande wa kulia, hawezi kupata stroki ya ukuta wa mbele, kwa kuwa mpinzani hakuweza kukisia atatokea upande gani. Akisimama na kuomba, hupewa leti. Akipiga na kumgonga mwenzake, yeye ndiye anayepoteza mzunguko. Aliyekwisha kuukosa mpira na kutaka kuupiga tena naye hapewi zaidi ya leti. Hapa sheria imeweka usalama mbele ya alama.

Mwamuzi anatazama nini

Mwamuzi huketi nyuma ya uwanja, katikati, karibu na ukuta wa nyuma na juu kidogo ya mstari wake. Watazamaji hufuata mpira kwa macho. Mwamuzi mzoefu, mara mpira unapopigwa, humtazama aliyepiga. Hatua ya kwanza ya miguu yake ndiyo shahidi mkuu. Ikielekea kuifungua njia ya mwenzake, jitihada zipo. Ikielekea T kwa mkato unaokatiza njia hiyo, mchezaji amechagua nafasi nzuri kwake kabla ya wajibu wake.

Kwa anayeomba, dalili ni njia aliyoifuata na raketi yake. Aliyeutaka mpira kweli huenda kwa mstari ulionyooka kuuelekea, raketi ikiwa imeshanyanyuliwa. Anayetafuta leti huelekea kwenye mwili wa mwenzake, raketi ikiwa chini, na mara nyingi mkono wa ombi hunyanyuka kabla ya miguu kusogea. Hata hivyo sheria haimtaki mtu agongane na mwenzake ili kuthibitisha jitihada zake. Mgongano ambao ungeepukika unaweza kuadhibiwa chini ya kanuni ya mwenendo.

Kuna hali moja inayowachanganya waamuzi wengi. Mchezaji anapiga hatua upande usio sahihi, kwa kuwa alidhani mpira utakwenda kulia, kisha anageuka na kukuta mwenzake njiani. Njia yake haikuwa ya moja kwa moja, na kwa kanuni ya jumla angekataliwa. Lakini akionyesha kuwa ameshajirekebisha na angeweza kuurudisha mpira, anastahili leti, na stroki kama pigo lake lingekuwa la ushindi. Mwamuzi anatakiwa kutofautisha kati ya aliyedanganywa na pigo na aliyechagua kuzunguka.

Swali gumu kuliko yote ni lile la mpira ambao haukuchezwa. Mwamuzi anaulizwa kuhusu jambo ambalo halikutokea: mpira ungedundia wapi mara ya pili, na Mweupe angekuwa wapi wakati huo? Hakuna kipimo zaidi ya macho na uzoefu. Ndiyo maana katika mashindano makubwa hutumika waamuzi watatu, mmoja wa kati na wawili wa pembeni. Mchezaji akipinga uamuzi wa yule wa kati, wote watatu hutoa jibu lao kwa wakati mmoja bila kushauriana, na wingi ndio unaotawala. Kidole gumba na cha shahada vikifanya umbo la herufi L ni leti, ngumi ni stroki, na kiganja kilichotazama chini ni kukataa. Kila mmoja akitoa jibu lake, uamuzi ni leti. Mechi kubwa za kulipwa hutumia pia picha za video zinazorudiwa.

Gharama ya leti nyingi

Mwamuzi mwenye mashaka huvutwa kutoa leti, kwa kuwa inaonekana kama usuluhishi: hakuna aliyepata, hakuna aliyekosa. Katika mechi zisizo na mwamuzi, ambako wachezaji huamua wenyewe, leti huwa ndiyo njia ya kulinda urafiki. Lakini leti isiyostahili si usawa. Katika mfano wetu, Mweupe aliyestahili stroki akipewa leti amenyimwa ushindi wa mechi. Mwekundu aliyepiga mpira mzuri uliofia konani, mwenzake akipewa leti, amenyimwa alama aliyoitolea jasho.

Leti pia haina alama, kwa hiyo hakuna kikomo cha idadi yake. Mwaka 2015 Leo Au wa Hong Kong na Shawn Delierre wa Kanada walicheza kwa dakika 170, wakaipita ile mechi ya Khan na Awad kwa dakika nne, ingawa walitumia hesabu mpya ambayo kila mzunguko una alama. Hesabu mpya iliondoa mizunguko isiyo na alama, lakini haikuondoa mizunguko inayorudiwa. Hiyo imebaki mikononi mwa mwamuzi.

Kwa mtazamaji, njia rahisi ya kufuatilia ni kuuliza maswali mawili mara mkono wa ombi unaponyanyuka. Je, angeufikia mpira? Kama hapana, jibu ni kukataa, hata kama njia ilizibwa. Kama ndiyo, je, mpira ule ulikuwa wa kumaliza, au mwenzake hakujitahidi kuondoka? Likiwepo mojawapo, jibu ni stroki. Yasipokuwepo yote mawili, wanarudia.